Lita Moja na Nusu: Barua ya Dereva kwa Mwenye Gari

Barua ya kwanza ilikuwa ya mistari sita, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Dereva aliiandika mwishoni mwa Juni 2023, akiwa amekaa kwenye gari kijiweni kwake Mwenge, Dar es Salaam. Ilisema hali ni ngumu, mafuta yanammaliza, watoto wanahitaji ada, na kwa hiyo anamwomba Mama amfikirie. Mama ndiye mwenye gari, mtumishi wa serikali aliyeinunua Toyota IST kwa mkopo wa ushirika wa akiba na mikopo kazini kwake. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, kwa simu, bila ukali wowote: "Mwanangu, hali ni ngumu kwa kila mtu. Hayo mafuta yanakumaliza kwa kiasi gani?"

Dereva hakuwa na jibu. Aliponisimulia, alikuwa ameumia. Mimi niliona lile swali ni mlango alioachiwa wazi, mradi tu apite na hesabu mkononi. Tukaanza kazi ya mwezi mzima iliyozaa barua ya pili, ambayo nimeruhusiwa kuieleza hapa bila kutaja majina.

Kwa wasioujua mfumo huu, mpango wa teksi nyingi za mjini ni wa "hesabu". Mwenye gari hapokei sehemu ya mapato, anapokea kiasi kilichopangwa kila siku ya kazi. Kwa gari hili kilikuwa shilingi 25,000, Jumatatu hadi Jumamosi. Bima, servisi na matengenezo makubwa ni ya mwenye gari. Mafuta, kuosha gari, pancha na maegesho ni ya dereva. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo riziki yake. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hakuna anayemchunguza mwenzake. Ubaya wake ni kwamba bei ya mafuta ikipanda, hesabu inabaki palepale na mzigo wote unamwangukia mmoja.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua gari linakula kiasi gani. Ukiuliza kijiweni utaambiwa IST inakwenda kilomita 15 kwa lita, mwingine atasema 12, na kila mmoja ataapa. Shida ni kwamba dereva wa hesabu hajazi tangi. Anaingia sheli asubuhi na kuweka mafuta ya elfu kumi, mchana anaongeza ya elfu kumi na tano, na jioni anaangalia mshale. Kwa mtindo huo huwezi kujua chochote, kwa sababu hujui tangini kulikuwa na kiasi gani ulipoanza.

Kuna njia moja rahisi isiyodanganya. Siku ya kuanza, jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Kisha endelea na maisha yako ya elfu kumi kumi kama kawaida, ila kila risiti iingie kwenye bahasha, maana risiti inaonyesha lita. Mwisho wa wiki rudi sheli ileile, kwenye pampu ileile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ijikate. Lita zote ulizonunua tangu ule ujazo wa kwanza, pamoja na hizi za mwisho, ndizo gari lilizokula. Gawanya kilomita kwa lita hizo. Wiki moja inaweza kudanganya kwa sababu ya mvua, foleni au safari moja ndefu, kwa hiyo tulikubaliana afanye hivyo Julai yote.

Julai ile ilikuwa na siku 26 za kazi. Gari lilikwenda kilomita 3,432 na kula lita 312. Ukigawanya, ni kilomita 11 kwa lita, zikiwemo foleni za Bagamoyo na kiyoyozi ambacho abiria wa mchana hakubali kizimwe. Kwa siku ni kilomita 132 na lita 12. Hizi namba mbili ndizo zilizoibeba barua yote.

Lakini daftari lilitupa kitu kingine ambacho hatukukitafuta. Nilimwomba dereva aandike pia kilomita kila anapopakia na kila anaposhusha, nikitaka tujue ni kiasi gani anazunguka mtupu. Wiki ya pili akanipigia simu. "Kaka, njoo uone. Asubuhi ninapofika kijiweni, kabla sijampata mtu, daftari tayari lina kilomita kumi na sita na nusu." Gari lilikuwa linalala kwa Mama, Tegeta, ndani ya geti lake. Kila alfajiri dereva anapanda daladala kulifuata, analitoa Tegeta mpaka Mwenge likiwa tupu kwa sababu saa hizo wateja wake wako Mwenge na Mlimani, na usiku analirudisha likiwa tupu tena. Kwenda na kurudi ni kilomita 33. Kwa gari la kilomita 11 kwa lita, hizo ni lita 3 kila siku. Robo nzima ya mafuta aliyokuwa ananunua ilikuwa inatumika kulilaza gari na kuliamsha.

Miaka miwili amekuwa akifanya hivyo, na siku zote alidhani adui yake ni foleni.

Ugunduzi huu uliibadilisha barua. Foleni ni sehemu ya kazi ya teksi, na mwenye gari ana haki ya kusema kwamba hiyo ndiyo biashara uliyoichagua. Kilomita za kulilaza gari ni kitu tofauti. Zipo kwa sababu mwenye mali anataka mali yake ilale chini ya jicho lake, na ni ombi la haki kabisa. Ila gharama ya ulinzi huo ilikuwa inalipwa na mtu mmoja peke yake bila yeyote kati yao kuiona.

Wakati tunajiandaa kuandika, bei ikaruka. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Julai 2023 petroli ya Dar es Salaam ilikuwa na kikomo cha shilingi 2,736 kwa lita. Jumatano ya tarehe 2 Agosti ikawa 3,199. Ni ongezeko la shilingi 463 kwa lita kwa usiku mmoja. Kijiweni kila mtu alikuwa analalamika. Dereva wetu naye alilalamika, lakini safari hii alikuwa na lita 312 za kuzidisha.

Barua iliandikwa Jumapili ya tarehe 6 Agosti, kwa mkono, kwenye fulskepu mbili. Naiweka hapa kama ilivyokuwa, nikiondoa tu majina na namba za simu.

Mwenge, Dar es Salaam
6 Agosti 2023

Shikamoo Mama,

YAH: MAOMBI YA POSHO YA MAFUTA YA KULILAZA GARI

Natumaini wewe na familia hamjambo. Mimi sijambo, na gari ni zima.

Mwezi wa sita uliniuliza mafuta yananimaliza kwa kiasi gani, nikashindwa kujibu. Mwezi wa saba wote nimeandika kila siku kilomita na risiti. Daftari na risiti nimeviambatanisha ili ujionee mwenyewe.

Kwa siku 26 gari limetembea kilomita 3,432 na kutumia lita 312, yaani lita 12 kwa siku. Katika hizo, lita 3 kila siku ni za kulitoa nyumbani kwako asubuhi na kulirudisha usiku bila abiria. Kwa mwezi ni lita 78.

Mapato yangu kwa wastani ni shilingi 85,000 kwa siku, sawa na 2,210,000 kwa mwezi. Hesabu yako ni 650,000. Kuosha, pancha na maegesho ni 138,000. Mafuta ya lita 312 kwa bei ya Julai ni 853,632, na mimi nilibaki na 568,368. Kwa bei mpya ya 3,199, lita zilezile ni 998,088, na nitabaki na 423,912. Ni pungufu ya 144,456 kwa mwezi, wakati kazi haijapungua.

Mama, siombi unilipie mafuta ya kubebea abiria, hayo ni yangu. Siombi hata lita zote 78, kwa sababu gari kulala kwako kunanipa amani na mimi. Naomba tugawane nusu kwa nusu zile za kulilaza gari. Nusu yake ni lita 1.5 kwa siku, sawa na lita 39 kwa mwezi. Kwa bei ya sasa ni shilingi 124,761. Hesabu itakayobaki mkononi mwako ni 525,239.

Naomba posho hii ihesabiwe kwa lita, bei ya EWURA ikishuka nayo ishuke. Siku ambayo gari halijalala kwako, posho ya siku hiyo isiwepo. Kila asubuhi na kila usiku nitakutumia picha ya kilomita za dashibodi.

Kama posho itakuwa nzito, ninaomba ufikirie njia ya pili. Kuna yadi yenye mlinzi karibu na kijiwe, malipo ni 2,000 kwa usiku, sawa na 60,000 kwa siku 30. Nitailipa mimi, na hesabu yako ya 25,000 haitaguswa.

Nakushukuru kwa kunivumilia. Naomba tukae tuzungumze Jumapili ijayo ukiwa na nafasi.

Ni mimi mtiifu,
Dereva wako

Nitaeleza kwa nini ilikaa hivyo, kwa sababu kila mstari tuliubishania.

Kwanza, kuomba kwa lita badala ya shilingi. Dereva alitaka aandike 125,000 kwa mwezi, namba ya mviringo na rahisi kukumbuka. Nikamwambia ukiomba shilingi, mwezi ujao bei ikipanda utarudi na barua nyingine, na bei ikishuka Mama atahisi unamla. Lita haibishaniwi. Bei inajulikana na wote wawili, hata aliye nyumbani anaipata bure kwa simu kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo, au anaitazama kwenye ubao wa sheli yoyote anapopita. Kilomita za Tegeta hadi Mwenge nazo hazibadiliki. Vitu viwili visivyobishaniwa vikizidishwa, jibu nalo halibishaniwi.

Pili, kutolipwa kwa risiti. Wenye magari wengi wakikubali kusaidia mafuta husema, "Niletee risiti nikurudishie." Inaonekana ni njia ya usalama, na ndiyo inayovunja uhusiano haraka kuliko zote. Risiti haionyeshi mafuta yalikwenda wapi. Zinaokotwa nyingi tu pembeni ya pampu. Ndani ya miezi miwili mwenye gari anaanza kuhesabu kwa kichwa kwamba lita hizi ni nyingi, dereva anahisi anaitwa mwizi, na wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Posho ya umbali uliopimwa haina shida hiyo. Dereva akitumia mafuta kidogo, faida ni yake. Akikanyaga ovyo, hasara ni yake.

Tatu, kuomba nusu. Hapa dereva alinibishia kweli. Lita 78 kwa 3,199 ni shilingi 249,522, na yeye ndiye aliyezitoa mfukoni kwa miaka miwili. Nikamwomba akae upande wa Mama kidogo. Akitoa zote, hesabu yake inashuka kutoka 650,000 hadi 400,478, na kabla hajala chochote ana rejesho la mkopo, bima na servisi. Mtu aliyebanwa hivyo haongezi posho, anauza gari. Kwa nusu, dereva anapanda kutoka 423,912 hadi 548,673. Bado yuko chini ya Julai kwa shilingi 19,695, na hilo ni jambo zuri kwenye mazungumzo, kwa sababu Mama anaona kwa macho yake kwamba anaombwa kubeba sehemu, na mwenzake naye amebeba sehemu.

Jumapili iliyofuata walikaa barazani. Dereva alinieleza kwamba Mama hakuanza na barua, alianza na daftari. Alipitisha kidole kwenye safu ya kilomita za asubuhi, 16.5, 16.5, 16.6, 16.5, akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo mwenye gari yeyote makini lazima aulize: "Sasa nitajuaje kama gari langu linakula lita moja kwa kilomita kumi na moja kwa sababu ya foleni, na si kwa sababu ni bovu?"

Swali la haki. IST nzima katika foleni ya Dar haifanani na ile ya barabara kuu, lakini gari bovu nalo hujificha nyuma ya foleni. Plagi zilizochoka, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, matairi yenye upepo pungufu, au pedi ya breki inayogandia, kila kimoja kinaongeza mafuta polepole bila taa yoyote kuwaka. Breki inayogandia ndiyo rahisi kuibaini: baada ya safari sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, na moja itakuwa na joto kuliko wenzake. Kwa hiyo waliongeza sharti ambalo barua haikuwa nalo. Dereva ataendelea na ule ujazo wa kila wiki, na kilomita kwa lita zikishuka chini ya 10 kwa wiki mbili mfululizo, gari linaenda kwa fundi kwa gharama ya Mama. Tofauti kati ya 11 na 10 inasikika ndogo mdomoni. Kwa kilomita 3,432 ni zaidi ya lita 31 kwa mwezi, na kwa bei ya Agosti inakaribia shilingi laki moja.

Njia ya pili, ile ya yadi, Mama aliikataa palepale. Kwa hesabu tupu ndiyo iliyokuwa bora kwa wote. Dereva angeokoa 249,522 na kulipa 60,000. Gari lingepunguziwa kilomita 858 za bure kila mwezi, na kwa servisi ya kila kilomita 5,000 Mama angeokoa servisi mbili kwa mwaka. Lakini mwenye gari aliyekopa hahesabu hivyo. Anahesabu usiku mmoja ambao mlinzi amesinzia, au dereva mwingine amepewa gari kinyemela kufanya deiwaka mpaka alfajiri. Sikumlaumu. Kilichonifurahisha ni kwamba njia hiyo ilikuwa imeandikwa, kwa sababu ilimwonyesha kuwa gari kulala Tegeta ni uamuzi wake, na uamuzi una bei.

Akakubali lita moja na nusu. Utaratibu wa kulipa ulikuwa mwepesi. Hakuna fedha inayotoka kwa Mama. Kila Jumamosi dereva anakata posho ya siku sita kwenye hesabu ya siku hiyo, lita 9, ambazo kwa Agosti zilikuwa shilingi 28,791. Kwa kuwa hesabu ya siku ni 25,000, Jumamosi hapeleki kitu na 3,791 inakatwa kwenye hesabu ya Jumatatu. Anaandika mahesabu nyuma ya ukurasa wa wiki, Mama anaweka sahihi.

Oktoba petroli ilifika 3,281, na posho ya lita zilezile 39 ikawa 127,959 kwa mwezi. Hakukuwa na barua wala simu, namba iliandikwa tu daftarini. Mwezi ambao dereva aliugua siku nne na gari halikutoka, posho ya siku hizo haikukatwa, na yeye ndiye aliyekumbusha.

Januari 2024 kikomo kilishuka hadi 3,084. Jumamosi ya wiki hiyo, kabla Mama hajauliza lolote, alipata picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa kilomita za dashibodi. Ya pili ilikuwa ukurasa wa daftari wenye lita 9 mara 3,084, jibu 27,756, na chini yake maneno: "Mama shikamoo, wiki hii nakata pungufu, bei imeshuka."

Jibu lilichelewa mpaka jioni. "Marahaba mwanangu. Ile yadi uliyoiandika kwenye barua, ina ukuta au ni senyenge tu?"